Mbuzi wa gunia katika biashara ya mashine za gemu

Ndugu msikilizaji, wahenga hawakutuachia usemi wa mbuzi wa gunia ili tucheke tu. Mtu huuziwa gunia limefungwa mdomo, akasikia mlio ndani, akalipa, akalipakia kwenye baiskeli hadi nyumbani. Akilifungua ndipo anapoona alichonunua. Juma hili nazungumzia gunia la namna hiyo ambalo limeingia kwetu Ngara na Biharamulo kwa kasi, na ambalo vijana wengi wamekwisha kulilipia. Ni mashine za gemu aina ya PlayStation 4 zinazouzwa zikiwa zimechipiwa.

Tangu nilipoligusa jambo hili kwa kifupi, nimepata ujumbe kutoka Rulenge, Kabanga, Benaco, Nyakahura na Nyakanazi. Wengi wana swali moja. Wanasema, “Nimenunua mashine imejaa gemu, lakini haiingii mtandaoni. Je, nimeibiwa?” Jibu halipatikani kwa neno moja. Hapana budi kwanza tujue mashine iliyochipiwa ni kitu gani, kwani pasipo kujua hilo huwezi kumbana muuzaji.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko mashine. Katika PlayStation ya kwanza na ile ya pili iliyotoka mwaka 2000, fundi alifungua mashine na kuchomelea kwa lehemu kijipande kidogo cha elektroniki, yaani chipu, kwenye bodi yake. Kazi ya kijipande kile ilikuwa kuidanganya mashine ikubali santuri ya kunakili kana kwamba ni ya kiwandani. Siku hizi, kwa PlayStation 4, hakuna kinachochomelewa. Jina la kuchipu limebaki, lakini kinachofanyika ni kupitia tundu katika programu ya mfumo, yaani ile programu inayoiendesha mashine yenyewe tangu unapoiwasha. Kupitia tundu hilo mashine huvuliwa ulinzi wake, ikaendesha gemu zilizonakiliwa bila leseni.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu, nami naomba msikilizaji akishike. Tundu hilo halipo katika kila mashine. Lipo katika matoleo fulani tu ya programu ya mfumo, na kiwanda kikiligundua hulizima katika toleo linalofuata. Kwa mfano, mwezi Desemba 2021 lilitangazwa tundu linalofanya kazi katika mashine zenye toleo la 9.00. Mwaka 2024 likatangazwa jingine linalofika hadi toleo la 11.00, na kampuni ya Sony ilikuwa imekwisha kuliziba katika toleo la 11.02. Mengine yamefuata, lakini utaratibu ni ule ule. Mashine iliyochipiwa ni mashine iliyozuiwa isisonge mbele. Ikikubali kusasishwa, yaani kuwekewa toleo jipya, tundu linazibika na gemu zote za kunakili zinakataa kufunguka. Tena hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa mashine hizi hazikubali kushushwa toleo baada ya kupandishwa.

Sasa upande wa pili. Ili uingie katika mtandao wa PlayStation, ukacheze na mtu aliye Mwanza au Muscat, mtandao huo unadai mashine iwe na toleo jipya kabisa la programu ya mfumo. Mashine yenye toleo la 9.00 ikijaribu kuingia hujibiwa kwamba isasishwe kwanza. Basi weka mambo haya mawili pamoja. Gemu za kunakili zinataka toleo la zamani, na mtandao unataka toleo jipya. Mashine moja haiwezi kuwa na matoleo mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu anayekuambia, “Hii ina gemu 25 ndani, na mtandaoni unaingia vizuri tu,” anakuuzia mambo mawili ambayo hayakai chumba kimoja.

Nitaeleza kisa kimoja, nacho nimekifuatilia mwenyewe kwa kuangalia risiti, mashine na maneno ya simu. Jina la kijana na la duka nitayaacha.

Kijana huyu ana kibanda cha gemu karibu na njia panda ya Nyakanazi, pale magari yanapoachana, mengine yakienda Kahama, mengine Kibondo, mengine Rusumo. Wateja wake ni wanafunzi nyakati za jioni, na vijana wa magari wanaosubiri safari. Aliona tangazo la duka la mjini, akapiga simu, akaambiwa mashine ina gemu 25, ina waranti ya miezi 6, na mtandaoni inaingia. Akatuma shilingi 520,000 kwa simu. Siku ya tatu mzigo ukashuka kwenye basi ukiwa umefungwa vizuri ndani ya boksi, pamoja na pedi mbili na fleshi moja ndogo nyeusi. Kuhusu fleshi hakuelezwa lolote. Alidhani ni zawadi.

Kwa siku mbili kibanda kilijaa. Siku ya tatu umeme ukakatika, na uliporudi gemu zote 25 zilionekana kwenye kioo kama kawaida lakini hakuna iliyofunguka. Akampigia muuzaji. Hapo ndipo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mashine ya namna hii haichipiwi mara moja ikabaki hivyo milele. Uchipuaji wake hukaa katika kumbukumbu ya muda. Mashine ikizimwa kabisa, unapotea, na kila ikiwashwa upya kazi lazima irudiwe. Unafungua ukurasa maalumu katika mashine, unachomeka ile fleshi kwa wakati unaotakiwa, unaichomoa kwa wakati unaotakiwa, na mara nyingine mashine inaganda katikati ikabidi uanze tena. Muuzaji alimwelekeza kwa simu karibu nusu saa, wateja wakiwa mlangoni.

Ndugu msikilizaji, hili ni jambo la kwanza ambalo wauzaji huliacha. Si siri ya kitaalamu, wala halihitaji fundi kulisema. Ni sentensi moja tu, kwamba kila umeme ukikatika utarudia kazi hii. Kwa mtu wa mjini mwenye betri ya akiba pengine si kitu. Kwa mwenye kibanda huku kwetu, ambako umeme ukiyumba mara tatu kwa jioni ni lazima aanze upya mara tatu, sentensi hiyo ingebadili bei, au ingebadili uamuzi wenyewe.

Kijana akavumilia. Mwezi wa pili wateja wake wakaanza kuuliza mashindano ya mtandaoni. Wengi wao huicheza eFootball kwenye simu, nao walitaka kuicheza kwenye kioo kikubwa dhidi ya watu wa mbali. Gemu hiyo hupakuliwa bure, na kuicheza mtandaoni hakudai ada ya mwezi. Akakumbuka ahadi ya muuzaji, akanunua bando, akaunganisha mashine na simu yake. Mashine ikamwambia isasishwe. Naye akabonyeza kukubali, kama ambavyo sisi sote hubonyeza tunapoulizwa na simu zetu. Ikamla karibu nusu gigabaiti, ikajizima, ikawaka. Gemu zake za kunakili zikawa zimekufa, na safari hii fleshi haikusaidia kitu.

Akajipa moyo kwamba walau sasa mtandao umefunguka. Akaandika jina la akaunti yake na neno la siri. Kikaja kioo cha ujumbe kwamba mashine hii imezuiwa kutumia mtandao wa PlayStation. Kwa hiyo alipoteza gemu kwa sababu ya mtandao, na mtandao nao hakuupata.

Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. “Kaka, nilifikiri wamenifungia kwa kosa la kusasisha.” Hapana. Kusasisha si kosa, bali ndilo jambo ambalo kampuni inataka lifanyike. Mashine ile ilikuwa imefungiwa kabla hajaigusa, mikononi mwa mtu mwingine, na sasa tutaona tulivyojua.

Kuna kufungiwa kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni kufungiwa kwa akaunti, yaani lile jina unaloingilia. Ikifungiwa akaunti, unapoteza njia ya kuzifikia gemu ulizozinunua kwa jina hilo, lakini mtu mwingine anaweza kuingia kwa akaunti yake katika mashine ile ile. Aina ya pili ni kufungiwa kwa mashine. Kila mashine hutoka kiwandani na utambulisho wake wa pekee, kama injini ya gari ilivyo na namba yake, na utambulisho huo hupelekwa kwenye mtandao kila unapojaribu kuingia. Ukiwekwa katika orodha ya waliozuiwa, mashine hiyo haiingii kwa akaunti yoyote. Kufuta kila kitu na kuianzisha upya hakusaidii. Kubadilisha diski ngumu hakusaidii. Kubadilisha laini ya simu au mtandao hakusaidii.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kijana wetu alichukua akaunti ile ile, akaenda nayo kwa rafiki yake Kahama mwenye mashine safi, ikaingia bila taabu. Rafiki naye alipokuja Nyakanazi na akaunti yake, ikakataliwa kwenye mashine ya kibanda. Akaunti mbili nzima zinakataliwa na mashine moja, na akaunti hizo hizo zinakubaliwa na mashine nyingine. Hapo hakuna ubishi tena, iliyofungiwa ni mashine.

Kwa nini kampuni hufanya hivyo? Mwenye mtandao hukuruhusu uingie kwa masharti, na katika masharti hayo, ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma, umo mwiko wa kubadili programu ya mfumo na kuendesha gemu zisizo na leseni. Nyuma ya mwiko huo kuna mambo mawili. La kwanza ni biashara ya gemu zenyewe. La pili ni haki ya wachezaji wengine, kwani mashine iliyovuliwa ulinzi inaweza kufanyiwa hila ndani ya mchezo, mpinzani wako akafunga mabao asiyostahili huku wewe ukidhani huna uwezo.

Wala si jambo la jana. Mwezi Novemba 2009 kampuni ya Microsoft ilizifungia kwa mkupuo mashine nyingi za Xbox 360 zilizokuwa zimechezewa. Kampuni yenyewe ilisema ni sehemu ndogo ya watumiaji wake milioni 20, lakini magazeti ya wakati ule yalitaja idadi ya kufikia hata milioni 1. Taarifa ya kampuni ilisema waziwazi kwamba kuichezea mashine kunaua waranti na kunaleta kufungiwa. Na mara tu baada ya hapo, mashine zilizofungiwa zilianza kutangazwa kuuzwa kwa watu wengine. Mwezi Februari 2011, baada ya ulinzi wa PlayStation 3 kuvunjwa, Sony nayo ilitangaza kwamba wanaotumia vifaa na programu za namna hiyo wanaweza kuondolewa mtandaoni moja kwa moja. Hata mwaka 2025, majuma machache tu baada ya Nintendo kutoa mashine yake ya Switch 2, waliotumia kadi za kubebea gemu za kunakili walikuta mashine zao zimefungiwa, na baadhi ya walionunua mashine hizo kutoka mikononi mwa watu wakarithi adhabu isiyo yao.

Msikilizaji aliniuliza, “Mbona basi dukani muuzaji hakuona kwamba mashine imefungiwa?” Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha jinsi gunia lilivyofungwa. Mashine ikiwa bado na toleo la zamani, mtandao unaikataa mapema kwa kuidai isasishwe. Haifiki hatua ya kukuonyesha kama imefungiwa ama la. Njia ya kujua ni kuisasisha na kujaribu kuingia. Lakini ukiisasisha, umeua uchipuaji na gemu 25 zilizoivutia bei. Kwa hiyo muuzaji wa mashine iliyochipiwa, hata awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kukuhakikishia kwamba mashine hiyo ni safi mtandaoni kwa siku ya kesho. Mwaminifu husema, “Hilo silijui, nami sikuahidi.” Asiye mwaminifu husema, “Inaingia.”

Tuje kwenye waranti, ambalo ni jambo la pili linaloachwa. Waranti ziko mbili, nazo huchanganywa makusudi. Ya kwanza ni ya kiwanda. Hii kwa kawaida ni ya mwaka 1 tangu mashine iliponunuliwa mpya, inafuata eneo iliponunuliwa, na masharti yake huondoa mashine iliyobadilishwa au kuchezewa. PlayStation 4 ilianza kuuzwa mwaka 2013, na nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumiwa Ulaya, Uarabuni au Asia. Waranti ya kiwanda ya mashine kama hiyo ilikwisha zamani. Hata kama boksi lina maandishi mazuri ya dhamana, maandishi hayo hayakuhusu wewe.

Niongeze hapa jambo moja kwa ajili ya haki. Si kila kufungua mashine kunaua waranti. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani iliziandikia barua kampuni kadhaa, zikiwamo Sony, Microsoft na Nintendo, ikizionya kwamba kule kwao si halali kumwambia mteja kuwa amepoteza waranti kwa sababu tu ya kubandua kile kibandiko cha kwenye skrubu. Na katika PlayStation 4, kubadilisha diski ngumu ni kazi ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuifanya mwenyewe. Tatizo la mashine iliyochipiwa si skrubu. Ni programu ya mfumo iliyochezewa, na hilo halina utetezi wa kibandiko.

Waranti ya pili ni ya muuzaji, ile ya miezi 3 au 6 inayoandikwa kwa kalamu kwenye risiti. Hii ni ahadi yake mwenyewe, nayo ina thamani ya maneno yaliyoandikwa tu. Kijana wa Nyakanazi aliporudisha malalamiko, mwezi wa 2 kati ya ile 6, aliambiwa hivi: “Dogo, umesasisha mwenyewe, waranti imekufa.” Niliitazama risiti. Imeandikwa “PS4, waranti miezi 6”, basi. Hakuna neno juu ya kusasisha, hakuna neno juu ya mtandao, hakuna hata neno la kuchipu. Sharti lililoiua waranti lilikuwa kichwani mwa muuzaji, nalo lilizaliwa siku ya malalamiko.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Biharamulo mjini anayetengeneza mashine hizi, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Nikamuuliza anawaambia nini wanaomletea. Akajibu, “Namuuliza kwanza anataka kuitumia wapi. Akisema nyumbani, bila mtandao, namwambia usiunganishe kabisa, na ukiulizwa kusasisha ukatae. Akisema anataka mtandao, namwambia hii siyo, tafuta nyingine.” Nikamuuliza kwa nini wauzaji hawaulizi hivyo. Akacheka. “Ukiuliza, unaweza kupoteza mteja.”

Maneno ya fundi yana mizani, nami sitaki nionekane kama nasema kila mashine iliyochipiwa ni takataka. Kuna mtu Rulenge ambaye bando lake halitoshi kupakua gemu moja kubwa, wala hana haja ya kucheza na mtu wa mbali. Huyo, akiambiwa ukweli wote, anaweza kuichukua kwa macho mawili. Lakini ajue pia kwamba gemu za kunakili zinagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwenye kibanda anayezitoza pesa yumo katika hatari kubwa kuliko anayecheza sebuleni. Siku afisa akiingia kibandani, muuzaji wa mjini hatakuwepo.

Ugomvi wangu uko kwenye kuficha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji katika biashara, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inadai kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Aliyeandika au kutamka kwamba mashine inaingia mtandaoni, na kumbe haiwezi, hawezi kujitetea kwa kusema ulibonyeza kusasisha. Mtandao ndio uliodai kusasisha, na mtandao ndio alioutangaza. Kijana wetu alikuwa na kitu kimoja kilichomsaidia, nacho ni ujumbe wa simu ambamo muuzaji aliandika kwa mkono wake kwamba mtandaoni inaingia. Alipoambiwa kuwa ujumbe huo unakwenda kwa Afisa Biashara, na kutoka hapo kwa Tume ya Ushindani, duka lilikubali kumrudishia shilingi 300,000 na kuchukua mashine. Hakupata yote. Pesa za bando, za usafiri na za jioni zilizopotea hazikurudi.

Sasa anayetaka kununua afanyeje? Aamue kwanza, kabla ya kupiga simu, anataka mashine ya mtandaoni au ya kukaa peke yake. Akiisha kuamua, kila upande una jaribio lake moja, na yote mawili yafanyike kabla ya pesa kutoka.

Kwa anayetaka mtandao, mashine isasishwe mbele yako hadi toleo la mwisho, kisha uingie kwa akaunti yako mwenyewe, si ya muuzaji, ufungue gemu na ucheze mechi moja na mtu wa mbali. Muuzaji akisema, “Usisasishe, utaharibu,” amekwisha kukuambia mwenyewe kwamba mashine hiyo si ya mtandaoni.

Kwa anayetaka ya peke yake, nenda kwenye Settings, kisha System, kisha System Information, utazame namba iliyoandikwa mbele ya System Software. Hiyo ndiyo namba inayotakiwa iandikwe kwenye risiti. Halafu chomoa waya wa umeme ukutani, subiri kidogo, rudisha, na wewe mwenyewe, bila mkono wa muuzaji, urudie kazi ya kuichipu mpaka gemu ifunguke. Ukishindwa dukani, utashindwa na kibandani.

Najua wengi wetu hatufiki dukani. Mzigo unakuja na basi kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Kahama. Basi muombe ndugu aliye huko akafanye jaribio hilo kwa niaba yako, au muuzaji alifanye ukimtazama kwa simu ya video. Na maneno yake yote ya muhimu yaombe kwa maandishi: imechipiwa au haikuchipiwa, toleo namba ngapi, mtandaoni inaingia au haiingii, waranti inahusu nini, na kitu gani kinaiua. Muuzaji anayejua bidhaa yake atayaandika kwa dakika tano. Anayekataa kuyaandika, mwache na gunia lake.

Kijana wa Nyakanazi ameweka mashine nyingine sasa, safi, yenye gemu mbili tu za santuri halali. Anasema wateja walipungua kidogo mwanzoni, wakiulizia zile 25, kisha wakazoea. Umeme ukirudi, anabonyeza kitufe tu, na mechi inaendelea.

Ndugu msikilizaji, kwa juma hili naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaheri.